Mrunda Uleule, Mizigo Minne

Penye ghorofa linalojengwa, Dar es Salaam au Mwanza, mpita njia huiona mirunda kabla ya kitu kingine: miti mirefu ya mkaratusi, mingine imenyooka, mingine ina kiwiko, imesimamishwa safu kwa safu kubeba mbao na nondo zinazosubiri zege la slabu. Fundi huichagua kwa macho, na mwenye nyumba akiuliza chochote huuliza unene. Anasahau ncha. Kwa hesabu, mti mmoja unaweza kubeba karibu tani saba au ukashindwa kufikisha hata nusu tani, na tofauti yote iko katika jinsi ulivyoshikwa chini na juu.

Tuchukue mrunda mmoja wenye kipenyo cha milimita 75 na urefu wa mita 3. Kipande chake kifupi, cha sentimita 15 tu, kikiwekwa kwenye mashine ya kugandamiza, kitavumilia tani 10 hivi kabla nyuzi zake hazijapondeka. Mrunda mzima haufiki huko. Mzigo ukipanda hadi kiwango fulani, mti unatoka ubavuni, unabenuka, na kinachoumaliza ni kupinda, si kupondeka. Kiwango hicho ndicho mzigo wa kikomo. Chini yake, mti uliosimama wima ukisukumwa kidogo pembeni hurudi mahali pake. Ukifika hapo, haurudi tena.

Aliyeionyesha hesabu yake ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1744:

P = π²EI / (KL)²

E ni ugumu wa mti dhidi ya kunyumbuka, I inatokana na umbo la kikato chake, L ni urefu, na K tutaifikia. Kinachoshangaza ni kile ambacho hakimo: nguvu ya mti, yaani mzigo unaouponda, haionekani popote. Miti miwili yenye ugumu sawa hubenuka kwenye mzigo mmoja, hata kama mmoja ni mgumu zaidi kupondeka.

Tukichukua E ya newtoni 10,000 kwa milimita ya mraba, kiasi cha kawaida kwa mbao za ujenzi, mrunda wetu unabenuka kwenye newtoni 17,000 hivi, sawa na tani 1.7. Ukipungua kipenyo hadi milimita 60, unabaki na kilo 700 tu, kwa kuwa kipenyo huingia kwenye I kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe mara nne. Ukirefuka hadi mita 4 bila kunenepa, unashuka hadi karibu tani moja.

Hesabu hizo zimechukulia kwamba K ni 1, yaani ncha zote mbili haziendi pembeni lakini ziko huru kugeuka. Mti wa namna hiyo ukibenuka unachora upinde mmoja kutoka chini hadi juu. Rula ya plastiki inatosha kuona kinachobadilika. Ibonyeze wima kati ya viganja viwili, itachora upinde huo mmoja. Sasa ibane chini kabisa kwa vidole ili isigeuke: mwanzo wa upinde unapanda juu, na rula inakuwa ngumu zaidi kupinda. Bana na juu, na upinde kamili unabaki katikati tu, nusu ya urefu. Huo urefu wa upinde mmoja kamili ndio unaohesabiwa kwenye kanuni, si ule unaopimwa kwa futi kamba.

Kwa mrunda wa mita 3, ncha mbili zinazogeuka zinaupa urefu wa kuhesabu wa mita 3 na tani 1.7. Ncha moja ikibanwa kabisa, urefu huo ni mita 2.1 na kikomo ni tani 3.5. Zikibanwa zote mbili, ni mita 1.5 na karibu tani 7. Mti uliochimbiwa chini barabara lakini ambao kichwa chake kiko huru kwenda pembeni huchora nusu tu ya upinde, kwa hiyo unahesabiwa kama wa mita 6. Kikomo chake ni kilo 430.

Zipeleke namba hizo chini ya slabu. Mirunda ikipangwa kila sentimita 90 na slabu ikiwa na unene wa sentimita 15, kila mrunda unabeba kilo 300 hivi za zege. Mbao, vibarua na matoroli vinaongeza kama kilo 160. Jumla ni kilo 460, zaidi ya kikomo cha mti wenye kichwa huru, na kidogo zaidi ya robo ya kikomo cha mti ulioshikwa juu na chini.

Je, mrunda wa kweli umeshikwaje? Misumari miwili juu na kabari chini haviuzuii kugeuka, kwa hiyo mhandisi makini hahesabu zaidi ya K = 1. Hata hiyo ina sharti: meza yote ya mbao isiweze kuteleza pembeni. Isipoegemea ukuta au nguzo zilizokwisha kukauka, na isipofungwa mbao za mshazari, meza inaweza kuyumba pamoja na vichwa vyote. Hapo hali ni mbaya kuliko ile ya kilo 430, kwa sababu mrunda uliosimama juu ya kipande cha ubao haujachimbiwa popote. Kinachouweka wima ni ukingo wake uliokatwa bapa, na bahati.

Kanuni ya Euler pia inamchukulia mti kuwa umenyooka, jambo ambalo mkaratusi haujui. Mti wenye mpindo wa sentimita 2 ukibebeshwa robo ya kikomo, mpindo unakaribia sentimita 3. Ukifikishwa asilimia 80 ya kikomo, unafika sentimita 10. Zege linapomwagwa rundo mahali pamoja, mtu wa kuangalia uzi na timazi anapaswa kuwa chini, si juu, kwa kuwa mpindo unaokua ndio dalili ya kwanza. Huko Quebec, Kanada, mwishoni mwa Agosti 1907, ilionekana kwamba mhimili mmoja wa chuma uliogandamizwa katika daraja lililokuwa likijengwa ulikuwa umepinda zaidi ya sentimita 5. Wakati wakubwa wakijadiliana, kazi iliendelea. Tarehe 29 daraja likaanguka na kuua watu 75.

Kuna na ile tabia ya kuunga mirunda miwili mifupi kwa vipande vya mbao ubavuni. Kiungo kikiangukia katikati, kiko pale pale ambapo kupinda ni kukubwa zaidi, na misumari ikilegea kinakuwa bawaba.

Dawa ya bei nafuu ni mbao zinazofunga mirunda yote katika nusu ya kimo chake na kuishia kwenye kitu kisichosogea. Urefu wa kuhesabu unakuwa mita 1.5, na kikomo kwenye karatasi kinapanda mara nne, ingawa kwenye tani hizo karibu 7 mti mbichi au wenye mafundo huenda ukaanza kupondeka kwanza. Mafundi wengi hufunga mbao hizo upande mmoja tu, tuseme mashariki na magharibi. Mrunda hauna haja ya kubenuka huko. Utatoka kwenda kaskazini au kusini, ambako bado ni mti wa mita 3, na kikomo chake bado ni tani 1.7.