Zawadi ya kocha isimezwe na Fuliza

Msimu umeisha na wasee wa timu ya mtaa wanataka kumnunulia kocha viatu vya mazoezi. Hajawahi kulipwa, na jezi za timu hufuliwa kwake. Tuseme mko 22 na kila mtu anatoa soo mbili. Hiyo ni 4,400. Sasa zitatumwa kwa nani?

Wengi humchagua kepteni. Lakini kama ana deni la Fuliza, mchango ukiingia tu kwa M-Pesa yake, unakatwa kulipa hilo deni. Hajaiba, ila 1,500 zikishamezwa atawaambia nini? Muulizeni mapema, bila kuoneana haya. Mwenye deni asishike pesa.

Kuna pia yule wa mjengo ambaye wiki hii hajapata kazi. Atume hata finje, na wenye mshahara wajazie. Kwa grupu ya WhatsApp wekeni majina na jumla pekee. Mkiandika nani ametoa ngapi, kuna mtu hatarudi mazoezini, na huenda ndiye beki wenu.

Saizi ya viatu nayo msikisie. Mkewe anaijua.