Insha ya Mjadala: Kupima Kanuni na Kutetea Msimamo

Chukua swali hili: Msichana wa miaka 12 amegongwa na bodaboda na amepoteza damu nyingi. Wazazi wake hawataki aongezwe damu kwa sababu ya imani yao. Je, daktari amwongeze? Jadili.

Watahiniwa wengi hutaja kanuni za maadili ya tiba: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki. Kuzitaja si kuzipima. Soma aya hii ya hitimisho:

"Daktari anafaa kuheshimu imani ya wazazi. Hata hivyo, uhai ni muhimu sana. Kila upande una ukweli wake, kwa hivyo ni vyema wakae chini waelewane."

Sarufi ni safi. Msimamo haupo. Swali limeulizwa kwa kuwa wamekosa kuelewana, na mtoto anavuja damu. Wengine hukimbilia dripu ya maji ya chumvi, ilhali maji hayo hujaza mishipa tu, hayabebi oksijeni. Insha inayokwepa hivi hunipa tabu kuitoa kiwango cha C, yaani alama 6 hadi 10 kati ya 20, hata ikiwa imepambwa kwa methali.

Sasa soma ya pili:

"Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na wazazi hawa hawafanyi mzaha: wanaamini wanamwokoa mwana wao na dhambi. Lakini uhuru huo humpa mtu nafasi ya kujiamulia mwenyewe. Mtoto huyu bado hajachagua imani hiyo kwa hiari yake, na Ibara ya 53 inatanguliza maslahi yake. Daktari amwongeze damu."

Mwandishi huyu ameipa hoja ya wazazi nguvu yake yote kabla ya kuipinga, kisha ameonyesha inapokomea. Huko ndiko kupima: kusema ni kanuni ipi inayoachia nyingine nafasi, na kwa nini katika kisa hiki.

Ninapokagua hoja, hubadilisha kisa kidogo. Tuseme mgonjwa ni mwanamume wa miaka 40, ana akili timamu, na anakataa mwenyewe. Aliyeandika tu kwamba uhai hushinda yote atalazimika kumtia damu kwa nguvu, na mara nyingi aya mbili nyuma alikuwa akisifu uhuru wa mgonjwa. Insha imejipinga. Hoja ya aya ya pili haiyumbi: huyu amejiamulia, aachwe.

Lakini je, msichana angekuwa na miaka 16, akakataa kwa kinywa chake? Hapo hata hoja nzuri inatikisika. Mwandishi wetu hakuligusa hilo, nami nikamkadiria 16. Angeliandikia sentensi mbili, akisema kama umri huo unatosha kuamua jambo la kufa na kupona na kwa nini, ningempa 18.