Mwanao kakosa Kiingereza? Soma tena kabla ya kumkemea

Serengeti. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye alama tano za kosa kwa kalamu nyekundu. Mama mwenye nyumba, hapa mjini Mugumu, alinisogezea akaniomba nimsaidie kuelewa. Kijana wake yuko kidato cha kwanza. Alipewa sentensi tano za Kiswahili azitafsiri kwa Kiingereza, akapata sifuri.

Mimi huandika habari za afya, si mwalimu wa lugha. Lakini sentensi zenyewe zilihusu kumtunza mtoto mgonjwa, na kazi yangu hunilazimu kila wiki kuhamisha maneno ya madaktari kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Nilipozisoma moja moja, niliona kijana hakustahili sifuri. Niliona pia kosa moja ambalo lingemtesa mgonjwa wa kweli, nalo lilikuwa limepewa uzito sawa na jibu ambalo halikuwa na kosa lolote.

Tuanze na hayo yasiyo makosa. Sentensi ilisema, “Mguu wa mtoto umevimba.” Kijana akaandika “The child's foot is swollen.” Jibu lililotarajiwa lilikuwa na neno “leg”. Kiswahili kina neno moja, mguu, kwa sehemu yote kuanzia pajani hadi vidoleni. Kiingereza kinaigawa: “leg” ni mguu mzima, “foot” ni kuanzia kifundo kwenda chini. Sentensi ikisimama peke yake, hakuna anayeweza kujua mwandishi alikusudia wapi, hivyo majibu yote mawili yanafaa. Kama sentensi iliyotangulia ingesema kiatu kimembana, “foot” lingekuwa jibu bora. Kama ingetaja goti, “foot” lingekuwa kosa la maana. Mkono una tabia hiyohiyo.

Sentensi nyingine ilihusu kuchanganya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kijana alitumia “mix” na “packet”, jibu la mwalimu lilikuwa na “dissolve” na “sachet”. Hapa sikuhangaika. Pakiti ni moja, maji ni lita moja, yamechemka na yamepoa. Mama akifuata jibu la kijana, atapata mchanganyiko uleule. Angeandika kwamba pakiti ichemshwe pamoja na maji, au maji yawe nusu lita, hapo ningechukua kalamu nyekundu mwenyewe, kwa sababu mchanganyiko uliozidi chumvi unamdhuru mtoto anayeharisha.

Ya tatu iko katikati. “Anakunywa vidonge viwili mara tatu kwa siku.” Kijana: “She drinks two tablets three times a day.” Mwalimu alitaka “he takes”. Kuhusu “she” na “he”, Kiswahili hakisemi kama ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo lolote linakubalika, mradi asimwite mtu yuleyule “she” hapa na “he” mstari unaofuata. “Drinks” ni jambo lingine. Sisi tunakunywa dawa, hata kidonge. Mwingereza hutumia kitenzi “take”. Anayesoma anaelewa kabisa, na idadi ya vidonge haikubadilika, ila sikio la Kiingereza linakataa. Ni kosa la lugha, si la maana. Kwa maoni yangu, linastahili kukatwa nusu alama na kuandikiwa neno sahihi pembeni.

Zilibaki mbili, na hizi ndizo zilizonifanya nimwite kijana akae.

Ya kwanza ilikuwa “Mtoto hajapona.” Aliandika “The child did not recover.” Maneno yote ni ya Kiingereza kizuri, na macho yanaweza kupita. Lakini “hajapona” ina maana kwamba bado, pengine kesho atapona. Alichoandika ni “hakupona”, habari iliyokwisha. Ukimwambia hivyo daktari asiyejua Kiswahili, ataweza kukupa pole. Ilipaswa kuwa “The child has not recovered yet.” Hiyo silabi “ja” ndogo katikati ya neno ndiyo yenye uzito, na watoto wengi huiruka. Nilimuuliza kijana tofauti ya “hajala” na “hakula” jioni kwenye sufuria. Akacheka, akajua.

Ya mwisho: “Mpe mtoto dawa saa mbili asubuhi, kisha kila baada ya saa nane.” Aliandika “at two in the morning, then every eight hours.”

Saa za Kiswahili zinahesabiwa kuanzia kunapokucha, na za Kiingereza kuanzia usiku wa manane, ndiyo maana zinapishana kwa saa sita. Saa mbili asubuhi ni “eight in the morning”. Alichoandika kijana ni saa nane usiku. Mama angeamka gizani kutoa dawa, badala ya kutoa saa mbili asubuhi, saa kumi jioni na saa sita usiku.

Nilipomweleza, alishika kalamu akasahihisha haraka: “at eight in the morning, then every two hours.” Hapo ndipo palipo na mtego. Saa nane ya mwisho si saa ya ukutani, ni urefu wa muda, na muda haubadiliki lugha ikibadilika. Saa nane za kusubiri ni saa nane popote. Kwa sahihisho lake, mtoto angepewa dawa mara 12 kwa siku badala ya mara tatu. Kosa la pili lilizaliwa na kanuni sahihi iliyotumika mahali pasipo pake, na ni baya kuliko la kwanza.

Mama aliuliza yeye, asiyejua Kiingereza, angegunduaje haya. Nyumbani kwao wanazungumza Kikurya, na Kiswahili chenyewe watoto wanakizoea zaidi shuleni. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari ni Kiingereza, hivyo swali lake ni la wazazi wengi, Mugumu mpaka Sirari.

Kuna njia wanayoitumia watafiti wa afya wanapotafsiri madodoso. Tafsiri hurudishwa kwenye lugha ya kwanza na mtu ambaye hajaiona sentensi ya mwanzo, kisha zinalinganishwa. Nyumbani, funika Kiswahili kwa mkono, mpe daftari dada yake au jirani aliyesoma, asome Kiingereza na kukueleza kwa Kiswahili. Usitafute maneno yaleyale. Sikiliza nani, nini, lini, kiasi gani, na kama jambo limetokea, halikutokea au bado.

Asifanye hivyo mtoto mwenyewe. Tulijaribu. Kijana alisoma “two in the morning” akamwambia mama yake bila wasiwasi, “saa mbili asubuhi.” Alikosea kwenda na akakosea kurudi, na makosa mawili yakaficha kosa moja. Kilichomsaidia mama ni simu yake. Saa mbili asubuhi ikifika, kioo kinaandika 08:00. Namba hiyo ndiyo inayotakiwa kuonekana kwenye Kiingereza cha mtoto.

Tulihesabu upya: mawili sahihi, moja nusu, mawili makosa ya maana. Mbili na nusu kati ya tano. Kijana alisema kesho atampelekea mwalimu swali la mguu, ila lile la saa ataliandika upya kwanza.