"Pumzika, Mama": Huruma Inayompunguzia Mjamzito Kazi

Siku hizi bosi anayemwambia mwanamke waziwazi kwamba anamwondoa kazini kwa sababu ya mimba anajitafutia kesi, na mabosi wengi wanalijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeutaja ujauzito kwa jina katika kifungu cha 7 kinachokataza ubaguzi, na kifungu cha 37 kinasema ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kwa hiyo jambo linakuja kwa mlango mwingine, tena kwa sauti ya upole. "Wewe sasa pumzika, mama. Hiyo safari ataenda mwenzako." Mwezi unaofuata anaondolewa kwenye kikao cha wateja wakubwa. Baada ya likizo ya uzazi anakuta jina lake halimo kwenye mafunzo ya Dodoma, kwa kuwa mtu alishaamua kwa niaba yake kwamba mwenye kichanga hawezi kulala nje ya nyumba. Kisha mwisho wa mwaka tathmini inaandika kwamba mchango wake umeshuka.

Nadhani hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Matusi mtu anayasikia na kuyajibu. Huruma huwa unaishukuru, na miezi sita baadaye ndiyo inageuzwa kuwa ushahidi kwamba huna moyo wa kazi.

Dhana hii ilipimwa Marekani na wanasosholojia watatu, Shelley Correll, Stephen Benard na In Paik, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007. Walitunga maombi ya kazi ya watu wawili wenye sifa zinazolingana. Kwenye karatasi za mmoja wakaingiza dokezo dogo tu la kuonyesha kwamba ni mzazi, kama vile kushiriki katika umoja wa wazazi na walimu shuleni. Waliopewa kazi ya kuyapima maombi hayo walimwona mama kuwa na uwezo mdogo zaidi na kuijali kazi kidogo zaidi, wakampendekezea mshahara wa kuanzia uliokuwa chini kwa takriban dola 11,000 kwa mwaka. Wanaume waliotajwa kuwa ni baba hawakuadhibiwa hivyo. Maombi kama hayo yalipopelekwa kwa waajiri halisi, wanawake wasiotajwa kuwa na watoto waliitwa karibu mara mbili ya akina mama. Kumbuka kwamba hakuna aliyekuwa amechelewa kazini wala kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Hukumu ilitolewa kabla ya kosa.

Tuichukue dhana hiyo tuilete nyumbani, kwenye mfano niliouunda ili hesabu zake zionekane. Afisa mikopo wa taasisi ya fedha jijini Mwanza ana lengo la kupata wateja wapya 240 kwa mwaka, yaani 20 kila mwezi. Wengi wanapatikana kwenye safari za Magu na Misungwi. Mimba ikiwa na miezi sita, meneja anamwondoa kwenye safari hizo. Hakuna barua wala baruapepe, ni maneno mawili tu kwenye ujia. Afisa anaendelea na wateja wa mjini, anakwenda likizo ya uzazi, anajifungua, anarudi. Desemba inapofika ameleta wateja 160. Meneja anagawa 160 kwa 240, anapata asilimia 67. Alama ya kufaulu ni 70. Pembeni anaandika: "Ari ya kazi imepungua."

Angalia kilichofanyika hapo. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Mwaka wa afisa huyu kazini ulikuwa basi na siku 281, si 365. Lengo la 240 likikatwa kulingana na siku hizo linakuwa wateja 185 hivi. Gawa 160 kwa 185, inakuja zaidi kidogo ya asilimia 86. Na hapo bado hatujagusa zile safari za Magu na Misungwi alizoondolewa bila kuomba. Mfanyakazi aliyeandikwa kuwa amefeli alikuwa amefaulu vizuri. Aliyekosea ni mwenye kikokotoo.

Sasa, afisa huyu angefanya nini na lini? Wengi hungoja siku ya tathmini, wakalia au wakafoka mbele ya meneja, na mara machozi yenyewe yanachukuliwa kuwa uthibitisho kwamba "homoni zimempanda". Kazi yenye faida ilipaswa kufanyika siku ile ile ya maneno ya ujiani. Angerudi mezani kwake akaandika ujumbe mfupi wa namna hii:

"Habari za kazi, Meneja. Nashukuru kwa kunijali. Kwa mazungumzo yetu ya asubuhi, nimeelewa kwamba safari za Magu na Misungwi atazishika mwenzangu kuanzia Jumatatu. Daktari hajanizuia kusafiri, na niko tayari kuendelea hadi nitakapoanza likizo. Ikiwa uamuzi utabaki hivyo, naomba malengo yangu yapunguzwe kulingana na wateja waliohamishwa."

Ujumbe huo una adabu, haumtuhumu mtu, wala hautaji sheria. Hata hivyo umeweka tarehe, umetaja aliyeamua, umesema mjamzito mwenyewe hakuomba kupunguziwa, na umeunganisha kazi iliyoondolewa na lengo linalopaswa kushuka nayo. Meneja mwenye nia njema atajibu, "Samahani, nilidhani nakusaidia," na safari zitarudi. Asiye na nia njema atanyamaza, na ukimya wake utabaki kwenye baruapepe pamoja na tarehe yake.

Si kila kuhamishwa ni uonevu. Kama kazi ina hatari kwa afya ya mama au ya mtoto, tuseme kushika kemikali au kubeba mizigo mizito, sheria inamtaka mwajiri ampatie kazi nyingine inayomfaa, pale inapowezekana. Lakini masharti ya kazi hiyo yasiwe duni kuliko aliyokuwa nayo. Hicho ndicho kipimo. Ukihamishwa na mshahara, cheo na nafasi yako ya kupimwa vimebaki palepale, umelindwa. Ukihamishwa na posho na malengo yakaharibika, umeadhibiwa, hata kama aliyefanya hivyo alikuletea na maji ya kunywa.

Mjamzito naye ana wajibu wake, na hapa wengine huharibu wenyewe. Kwa hofu ya kuonekana mzigo, anaficha mimba kwa dera na mtandio mpana mpaka mwezi wa nane. Sheria inamtaka amjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na kuambatisha cheti cha daktari. Akichelewa, meneja anapata lalamiko la kweli: hakupewa muda wa kutafuta wa kushika nafasi. Barua ipelekwe mapema, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, iwekwe nyumbani. Likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akiagiza.

Pamoja na barua kuwe na makabidhiano ya kazi yaliyoandikwa: mteja nani yuko hatua gani, deni la nani linakaribia tarehe, funguo na nywila zimekabidhiwa kwa nani. Karatasi hii inazuia simu. Nimeona wanawake wakijibu maswali ya ofisi wakiwa wodini, kwa kuogopa kwamba wasipopokea wataambiwa wameisahau kazi. Jibu la mara moja, lenye upole, linatosha: "Liko kwenye makabidhiano, ukurasa wa pili. Tutaonana nikirudi." Tena ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, mama haruhusiwi hata kurudi kazini, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza.

Anaporudi, anarudi kwa masharti yale yale ya ajira. Ugomvi mpya huanzia kwenye saa za kunyonyesha. Sheria inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Akizitumia kiholela, leo saa nne, kesho saa nane, wenzake wataona tu kiti kitupu. Akikubaliana na meneja kwa maandishi kwamba anatoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, na wenzake wakajua hivyo, minong'ono hupungua. Haiishi. Mara nyingi anayeongoza minong'ono ni mama mwenzake wa makamo: "Sisi tulizaa na kazi tulifanya, mwanangu, hatukudekezwa hivi." Huyo usibishane naye. Mwambie, "Poleni mama, mliteseka," kisha chukua mkoba uende kwa mtoto.

Turudi kwenye fomu ya tathmini yenye asilimia 67. Afisa asiisaini kimya. Kama kuna nafasi ya maoni ya mfanyakazi, aandike hesabu yake: siku 281, lengo 185, waliopatikana 160, safari zilizoondolewa tarehe fulani, baruapepe imeambatishwa. Kama nafasi haipo, aombe kikao na meneja akiwepo afisa rasilimali watu. Ikiwa kazini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kama TUICO, mwakilishi wa tawi aalikwe. Lengo la kikao ni namba kusahihishwa na lile neno "ari" kufutwa au kuthibitishwa kwa tukio. Swali la kumwuliza meneja ni moja: "Ni siku gani, na ni kazi ipi niliyopewa nikaiacha?"

Hilo likishindikana, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro unaanza kwa usuluhishi kabla ya kufika kwenye uamuzi. Kifungu cha 7 kina faida moja ambayo wengi hawaijui: mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba kilichofanyika hakikutokana na ujauzito, unamwangukia mwajiri. Dalili hizo za awali ndizo zile baruapepe, barua yenye muhuri na fomu yenye maoni. Aliyekuja na hasira peke yake hana cha kuweka mezani.

Sheria ina mipaka yake. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, ingawa katazo la ubaguzi linamhusu. Mwenye mkataba wa muda maalumu mara nyingi huambiwa tu kwamba mkataba umeisha. Akiwa alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa, kwa mfano kwa kuwa ulishahuishwa miaka iliyopita bila maswali, anaweza kulipeleka hilo kama kuachishwa kazi.

Muda ni mfupi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo ubaguzi katika tathmini au kupandishwa cheo, ndani ya siku 60. Ukiwa unanyonyesha siku hizo zinakwisha upesi, kwa hiyo weka nakala zako tayari kabla hujaingia kwenye kikao cha tathmini.