Je, wajua? Slack haihamishi kilichokwisha kufutwa

Kufuta nafasi ya kazi ya Slack ni ruhusa ya mmiliki mkuu peke yake, na akishathibitisha hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana wengi huhamisha ujumbe kwanza, wakapata faili moja la ZIP, kisha wakafuta kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba faili hilo hubeba tu kile kilichokuwa bado kipo.

Tuseme timu iliweka ujumbe ufutwe baada ya siku 90. Wakihamisha tarehe 30 Juni, ujumbe wa zamani kabisa watakaoupata ni wa mwanzoni mwa Aprili. Makubaliano ya Januari yamekwenda, na kubadilisha mpangilio siku hiyo hakuyarudishi. Vivyo hivyo chaneli: ukiifuta, ujumbe wake unapotea, lakini ukiiweka tu kwenye kumbukumbu, unabaki.

Kagua kabla ya kufuta. Fungua ZIP: kila chaneli ina folda yake, na ndani yake faili la kila siku yenye ujumbe, mfano `2025-04-01.json`. Tazama tarehe ya kwanza. Kisha tafuta picha na nyaraka. Hazimo! Kuna viungo tu vinavyoelekea Slack, na nafasi ikishafutwa havifungui kitu, kwa hiyo zipakue kando mapema. Uhamishaji wa kawaida nao huchukua chaneli za wazi tu. Mazungumzo ya faragha hayamo.