Namba Moja, Maini Mawili: Kusoma Ripoti ya Ugumu wa Ini Kandokando ya Ziwa Viktoria

Wachukuliwe wagonjwa wawili wa mfano kutoka mkoa wa Mara. Wa kwanza ni mvuvi wa miaka 46 wa mwambao wa Musoma, mwembamba, aliyeingia majini tangu utotoni. Wa pili ni mama wa miaka 52, mfanyabiashara wa Bunda mjini, mnene kiasi, mwenye kisukari kwa miaka saba. Wote wawili wamepimwa ugumu wa ini kwa mashine ya FibroScan, na wote wamerudi kwa daktari na karatasi yenye namba ileile: 8.6 kPa. Mmoja wao yumo hatarini kutapika damu hadi kufa. Mwingine ana ini ambalo, kwa sasa, huenda halina kovu la kutia hofu. Namba peke yake haisemi nani ni nani, ila karatasi nzima, ikisomwa pamoja na historia ya mgonjwa, inaweza kusema.

Kipimo hiki, elastografia, hutegemea jambo ambalo kila mvuvi analijua kwa mikono yake: kamba iliyokazwa hupitisha mtikisiko haraka kuliko kamba iliyolegea. Kichwa cha mashine huwekwa katikati ya mbavu za upande wa kulia, mgonjwa akiwa amelala chali na mkono wa kulia umewekwa nyuma ya kichwa. Kichwa hicho hugonga ngozi kwa upole, na mtikisiko husafiri kuingia ndani ya ini huku mawimbi ya ultrasaundi yakiufuata na kupima kasi yake. Ini laini hupitisha mtikisiko polepole. Ini lililojaa kovu huupitisha kwa kasi. Mashine huigeuza kasi hiyo kuwa kilopaskali kwa hesabu fupi: kasi kwa mita kwa sekunde huzidishwa kwa yenyewe, kisha mara tatu. Mita 1.5 kwa sekunde huwa takribani 6.8 kPa, na mita 2 kwa sekunde huwa 12 kPa. Ndiyo maana ongezeko dogo la kasi huonekana kuwa kubwa likiandikwa kwa kilopaskali, na ndiyo maana ripoti iliyoandikwa kwa mita kwa sekunde haipaswi kulinganishwa na nyingine kabla ya kuigeuza. Ini la mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 5 kPa.

Katika karatasi ya FibroScan kuna kipicha cha kijivu ambacho wengi hukiruka. Mhimili wa kwenda chini unaonyesha kina cha mwili kwa milimita, na ule wa kwenda kulia unaonyesha muda. Ndani yake hukatiza mstari ulioinama, nao ndio safari ya mtikisiko. Mstari ukiwa umesimama karibu wima, mtikisiko umefika kina kirefu kwa muda mfupi, yaani ini ni gumu. Ukilala kwa mteremko wa taratibu, ini ni laini. Mstari mzuri hunyooka na kuonekana wazi. Ukiwa umepinda, umekatika au umefifia, namba iliyotokana nao haiaminiki, hata kama imechapishwa kwa wino mweusi. Mashine nyingine za ultrasaundi hutoa picha ya rangi badala ya mstari, na hapo sharti mtu atazame kwanza kipimio cha rangi pembeni, kwa kuwa rangi haina maana mpaka ijulikane inawakilisha kilopaskali ngapi.

Chini ya picha hukaa namba. Ile iliyoandikwa `E (kPa)` ni ya katikati kati ya vipimo visivyopungua kumi. Pembeni yake huwa na `IQR/med`, asilimia inayoeleza jinsi vipimo hivyo vilivyotawanyika. Ikizidi 30%, hasa pale ugumu unapokuwa juu ya 7 kPa, ni bora kupima upya kuliko kutafsiri. Mvuvi alikuwa na 16%, mama 21%. Kwa kigezo hiki karatasi zote mbili zinafaa. Karatasi ya mama ilionyesha pia kwamba kilitumika kichwa cha aina ya `XL`, kinachopima kina zaidi kwa watu wenye tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Hilo ni sahihi, maana kichwa cha kawaida cha `M` huanza kupima milimita 25 tu kutoka kwenye ngozi, na kwa mtu mnene kingeweza kupima mafuta ya ukuta wa mwili badala ya ini.

Namba ya pili kwenye karatasi ni `CAP (dB/m)`, nayo haihusu kovu. Inapima jinsi mafuta yanavyofifisha mawimbi ya ultrasaundi, kwa kiwango cha kuanzia 100 hadi 400. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 uliweka mipaka ya 248, 268 na 280 kwa mafuta kidogo, ya wastani na mengi. Mipaka hiyo inakaribiana mno, kwa hiyo kumwambia mgonjwa kwamba ametoka daraja la tatu hadi la pili kwa sababu ya tofauti ya desibeli kumi ni kumpa habari isiyo na uzito. Mama alikuwa na 322: ini lake lina mafuta mengi. Mvuvi alikuwa na 214: hana.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Herufi F0 hadi F4, zinazoanzia ini lisilo na kovu na kuishia kwenye sirosisi, hazipimwi na mashine. Zilitoka kwenye darubini, kwa kutazama vipande vya ini vilivyokatwa kwa sindano, na kilopaskali zilioanishwa nazo baadaye, ugonjwa mmoja baada ya mwingine. Kwa ini lenye mafuta, chini ya 8 kPa huondoa kwa uhakika wa kutosha hofu ya kovu kubwa, 8 hadi 12 ni eneo la mashaka, na zaidi ya 12 huelekeza kwenye kovu kubwa. Kwa homa ya ini aina ya B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unachukua zaidi ya 7 kuwa dalili ya kovu la maana na zaidi ya 12.5 kuwa dalili ya sirosisi. Hivyo 8.6 ileile ni mashaka kwa mmoja na sababu ya kuanza dawa kwa mwingine. Ripoti iliyoandika "F2" bila kutaja ugonjwa uliokusudiwa imejibu swali ambalo halijaulizwa.

Kwa mama wa Bunda, namba ilianguka katika eneo la mashaka, na swali la kwanza lilikuwa dogo: alikula nini asubuhi ile? Alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri, akanywa chai ya maziwa na maandazi kituoni, saa moja kabla ya kupimwa. Chakula huongeza damu inayokwenda kwenye ini, ini hujaa na kukazwa, na namba hupanda bila kovu kuongezeka. Mgonjwa hutakiwa kukaa bila kula kwa angalau saa tatu. Aliporudi bila kula alipata 6.9 kPa, na mashaka yakaondoka. Mafuta yalibaki palepale, pamoja na kisukari na uzito vinavyohitaji kushughulikiwa, na kipimo cha kurudia baadaye. Mambo mengine yanayopandisha namba kwa namna hiyo ni uvimbe mkali wa ini, moyo ulioshindwa kazi na kurudisha damu nyuma, kuziba kwa njia ya nyongo, na pombe nyingi ya siku za karibuni. Kwa mtu mwenye macho ya manjano au miguu iliyovimba, kilopaskali zisubiri.

Mvuvi alikuwa amefunga kula. Kipimo cha homa ya ini aina ya B hakikuonyesha maambukizi, aina ya C vilevile, na pombe hunywa mara chache. Kwa vigezo vya wataalamu wa shinikizo la mishipa ya ini waliokutana Baveno, Italia, ugumu ulio chini ya 10 kPa, pasipo dalili nyingine, huondoa uwezekano wa ugonjwa sugu uliokomaa. Angeweza kurudishwa nyumbani. Lakini chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 78,000 tu kwa mikrolita, wakati kiwango cha kawaida huanzia 150,000. Na wengu wake, uliopaswa kutozidi sentimita 13 hivi, ulikuwa na urefu wa sentimita 17. Miezi minne kabla alikuwa amepata choo cheusi kwa siku mbili, akadhani ni vidonda vya tumbo.

Maelezo yapo majini. Kichocho cha tumbo, kinachosababishwa na *Schistosoma mansoni*, kimeenea katika jamii zinazokaa kando ya Ziwa Viktoria. Minyoo hukaa katika mishipa ya utumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako hunasa katika matawi madogo ya mshipa unaoileta damu hiyo. Kovu hujijenga kuzunguka matawi hayo. Mwaka 1904, huko Misri, Symmers alilifananisha na mashina ya kiko cha udongo yaliyochomekwa ndani ya ini. Kati ya mashina hayo nyama ya ini hubaki laini na hufanya kazi karibu kama kawaida. Mtikisiko wa mashine hupita zaidi katika nyama hiyo laini, na namba hutoka ndogo. Damu nayo haipiti: imezibwa kabla ya kufika kwenye nyama yenyewe, kwa hiyo shinikizo hupanda nyuma yake, wengu hukua, na mishipa ya umio hutuna hadi kupasuka.

Ndiyo maana kwa mtu aliyeishi na maji ya ziwa, karatasi ya elastografia haitoshi bila ultrasaundi ya kawaida. Kuta za mishipa hiyo huonekana nene na nyeupe, zikitawanyika kama matawi ya mti, na utaratibu uliopangwa kutokana na mkutano wa Niamey, Nijeri, mwaka 1996 unaeleza jinsi ya kuzipima na kuzipa herufi za madaraja. Kwa mvuvi picha hiyo ilikuwa dhahiri. Alipelekwa kwenye endoskopia, mishipa iliyotuna ikafungwa kwa pete za mpira, akaanzishiwa propranolol ya kupunguza shinikizo, na prazikwanteli kuua minyoo. Prazikwanteli haifuti kovu la zamani, hivyo kumeza dawa za kichocho kila zinapogawiwa hakumwondoi mgonjwa wa namna hii katika orodha ya endoskopia.

Kinyume chake pia hutokea. Mgonjwa wa kichocho akipata 15 au 20 kPa, kosa lililo rahisi ni kuitupia minyoo lawama yote. Namba kubwa kiasi hicho inataka itafutwe sababu ya pili, nayo mara nyingi ni virusi vya aina ya B au pombe, kwa kuwa kichocho peke yake kwa kawaida hakiikazi nyama ya ini kufikia hapo.

Katika ufuatiliaji, karatasi mpya ilinganishwe na ya zamani iwapo tu mashine ni ya aina ileile, kichwa ni kilekile, na mgonjwa hakula safari zote mbili. Hata hivyo, mvuvi huyu akipata 7.9 kPa mwaka ujao hatakuwa amepona, kwa kuwa tofauti ya namna hiyo hutokea hata kwa mtu aliyepimwa mara mbili kwa siku moja. Kwake yeye kitakachofuatiliwa ni wengu, chembe sahani, na kile ambacho kamera ya endoskopia itakikuta katika umio.