Mahali, Hali na Ukubwa wa Taswira: Maneno ya Maswali ya Lenzi

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno machache yatumikayo katika maswali ya fizikia yanayomtaka mwanafunzi achore miale, aonyeshe mahali pa taswira, kisha aeleze hali yake na ukubwa wake. Mfasiri anaweza kuwa na istilahi zote mkononi na bado akaandika swali lenye majibu mawili. Hapo atakayepoteza alama ni mwanafunzi, ingawa mchoro wake hauna kasoro.

Tuanze na neno kupinda. Mwale wa mwanga utokao hewani na kuingia katika kioo kwa mshazari hupinda, na utokapo tena hewani hupinda mara ya pili. Lakini katika usemi wa kawaida fimbo iliyopinda huweza kuwa na umbo la upinde, na kwa sababu hiyo wapo wanafunzi wanaouchora mwale ukijikunja polepole ndani ya lenzi. Sivyo ulivyo. Mwale hunyooka hewani na hunyooka ndani ya kioo. Hubadili mwelekeo ghafla mpakani tu. Kwa hiyo tunaona yafaa maelezo ya kwanza ya somo yaseme kwamba mwale “hupinda mpakani”. Katika michoro ya lenzi nyembamba tunarahisisha zaidi: lenzi huwakilishwa na mstari mmoja wa wima, na mapindo yote mawili huhesabiwa kuwa pindo moja kwenye mstari huo.

Sasa tutwae swali lenyewe. Kitu chenye kimo cha sentimeta 2 kimesimama wima juu ya mhimili mkuu wa lenzi mbinuko, yaani lenzi iliyo nene katikati na nyembamba ukingoni. Urefu wa fokasi ni sentimeta 10, na kitu kiko sentimeta 15 kutoka kwenye lenzi. Mwanafunzi anatakiwa atafute taswira kwa kuchora.

Hatua ya kwanza ni kuchagua skeli. Kwa ulalo, sentimeta 1 ya karatasi na iwakilishe sentimeta 5. Kwa wima, sentimeta 1 iwakilishe sentimeta 1. Skeli hizi mbili si lazima zilingane, maadamu kila moja inatumika katika mwelekeo wake peke yake. Basi fokasi zitakuwa sentimeta 2 kila upande wa lenzi, na kitu kitakuwa sentimeta 3 upande wa kushoto.

Kutoka ncha ya juu ya kitu huchorwa miale miwili. Wa kwanza huenda sambamba na mhimili mpaka kwenye lenzi, kisha hupinda na kupita katika fokasi ya upande wa kulia. Wa pili hupita katikati ya lenzi bila kupinda. Miale hiyo hukutana chini ya mhimili, sentimeta 6 kutoka kwenye lenzi na sentimeta 4 chini ya mhimili. Kwa skeli yetu, taswira iko umbali wa sentimeta 30 na ina kimo cha sentimeta 4. Mwale wa tatu, upitao kwanza katika fokasi ya kushoto na kisha kwenda sambamba na mhimili, ni shahidi: usipopita mahali palepale, kuna kosa la rula. Mwale huu hufika kwenye lenzi sentimeta 4 chini ya mhimili, kwa hiyo mstari wa lenzi lazima uchorwe mrefu. Hesabu nayo yakubali, kwani 1/10 − 1/15 = 1/30.

Mahali pamepatikana. Vipi kuhusu hali? Majibu mengi husema kwamba taswira “iko kinyume”. Kinyume cha nini? Taswira hii iko upande wa pili wa lenzi. Pia kichwa chake kiko chini. Neno kinyume laweza kubeba maana zote mbili, na msahihishaji hana njia ya kujua ipi iliyokusudiwa. Tunapendekeza pasemwe kwamba taswira “imepinduka” kichwa kinapokuwa chini, na “imesimama wima” kichwa kinapokuwa juu. Upande utajwe mbali: “upande wa pili wa lenzi” au “upande uleule wa kitu”.

Jozi ya pili ni halisi na dhahania. Taswira halisi ni ile ambayo miale yenyewe hukutana mahali ilipo. Ukiweka karatasi nyeupe hapo, utaiona imechorwa juu yake. Taswira ya swali letu ni halisi. Ili kuiona ile ya pili, tukisogeze kitu kilekile mpaka sentimeta 6 kutoka kwenye lenzi, yaani ndani ya fokasi. Safari hii skeli ya ulalo na iwe sentimeta 1 kwa sentimeta 2. Miale miwili ikitoka upande wa kulia hutawanyika, haikutani kamwe. Tukiirefusha nyuma kwa mistari ya vipande vipande, mistari hiyo hukutana upande wa kushoto, sentimeta 7.5 za karatasi kutoka kwenye lenzi na sentimeta 5 juu ya mhimili. Taswira basi iko umbali wa sentimeta 15, upande uleule wa kitu; imesimama wima, na kimo chake ni sentimeta 5.

Taswira hii ndiyo tuionayo tusomapo herufi ndogo kwa kioo cha kukuzia. Hapa twaona hatari ya kuiita “taswira ya uongo” au “isiyokuwapo”, kama inavyotokea katika tafsiri za haraka. Mwanafunzi huiona kwa macho yake, kisha huambiwa haipo! Lisilokuwapo ni kukutana kwa miale. Karatasi ikiwekwa mahali hapo haitapokea kitu. Neno dhahania lalihifadhi jambo hilo bila kukana kwamba taswira yaonekana.

Lasalia neno ukubwa. “Eleza ukubwa wa taswira” laweza kujibiwa kwa njia tatu: kimo chake ni sentimeta 4, ni kubwa kuliko kitu, au imekuzwa mara 2. Zote ni kweli katika mfano wa kwanza, lakini mtungaji huenda alitaka moja tu. Akitaka kipimo, na aandike “kimo cha taswira”. Akitaka mlinganisho, na aulize kama ni kubwa kuliko kitu, ndogo kuliko kitu au sawa nacho. Akitaka uwiano, na aulize imekuzwa mara ngapi. Neno “kubwa” likisimama peke yake halimwambii msomaji ni kubwa kuliko nini.

Vivyo hivyo, agizo la “eleza hali ya taswira” lisiachwe wazi, kwa kuwa hali yaweza kudhaniwa kuwa ni kung’aa au kufifia. Swali letu lingesomeka vizuri zaidi hivi: “Kwa kuchora miale, tafuta umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi na kimo chake. Eleza kama ni halisi au dhahania, na kama imesimama wima au imepinduka.” Na jibu lake kamili ni hili: taswira iko sentimeta 30 kutoka kwenye lenzi, upande wa pili, kimo chake ni sentimeta 4, ni halisi, nayo imepinduka.